Ufunguo Uliofungiwa Ndani: Jinsi Vizazi Viwili vya Hyper-V Vinavyowaka

Simu iliita saa tatu usiku. Kijana anayetunza seva za ofisi moja ya biashara alikuwa peke yake na skrini nyeusi.

"Kaka, diski imekufa," akaniambia. "Mashine pepe ya mhasibu. Nimeichomoa kwenye mashine ya zamani, nimeipachika kwenye mpya, haiwaki."

"Skrini inasema nini? Nisomee kama ilivyo, usinifupishie."

Akanisomea herufi kwa herufi:

```
1. SCSI Disk (0,0)
   No UEFI-compatible file system was found.
2. Network Adapter
   A boot image was not found.
```

Nikamwambia diski ni nzima, aende kulala, asubuhi tutaimaliza. Mstari ulio chini ya diski ndio ulioniambia kila kitu. Diski imeonekana na imesomwa, ila hakikupatikana juu yake kitu ambacho mashine mpya inajua kukitafuta. Mashine ya zamani ilikuwa ya kizazi cha kwanza. Wakati wa kuunda mpya, dirisha la Hyper-V lilimuuliza anataka kizazi gani, naye akachagua cha pili kwa kuwa kipya huonekana bora. Hakukosea kuchagua. Hakujua tu kwamba swali lile linahusu dakika za mwanzo kabisa za uhai wa mashine, zile ambazo mfumo endeshi wenyewe bado haupo.

Tuzichunguze dakika hizo polepole, kuanzia chini kabisa.

Fumbo la kila kompyuta inayowashwa

Windows inakaa kwenye diski. Ili kuisoma diski unahitaji draiva, ile programu ndogo inayojua lugha ya kifaa. Draiva ni sehemu ya Windows, na Windows iko kwenye diski. Kwa hiyo ili uisome diski unahitaji kitu kilichomo ndani ya diski ambayo bado hujaisoma. Ni kama kisanduku kilichofungwa huku ufunguo wake ukiwa ndani.

Kila kompyuta inayowaka kutoka kwenye diski imelazimika kulitatua fumbo hili, na njia ni moja: awepo mtu wa kwanza ambaye hatoki kwenye diski. Kwenye kompyuta ya kawaida mtu huyo ni famwea, programu iliyochomewa kwenye chipu ya ubao mkuu. Umeme ukiwaka, prosesa huanza na famwea. Famwea inajua kusoma diski kiasi cha kutosha tu kuleta vipande vichache vya mwanzo kwenye kumbukumbu, kisha hukabidhi usukani.

Mashine pepe haina ubao wala chipu. Ni programu inayoendeshwa ndani ya kompyuta nyingine, tuiite mwenyeji. Lakini mfumo endeshi unaowekwa ndani yake unategemea kukuta famwea, diski na kadi ya mtandao. Kwa hiyo Hyper-V lazima iviigize. Hapo ndipo swali la kizazi linapozaliwa: iigize kompyuta ya namna gani? Ile ya miaka ya tisini ambayo kila mfumo wa zamani unaifahamu, au mashine mpya isiyojifanya kitu isichokuwa?

Hyper-V ilipotoka mwaka 2008 ilikuwa na jibu moja tu, lile la kwanza. Jibu la pili lilikuja mwaka 2013 pamoja na Windows Server 2012 R2 na Windows 8.1, ndipo majibu hayo yakapewa majina ya kizazi cha kwanza na kizazi cha pili.

Kizazi cha kwanza: kuigiza mzee

Mashine ya kizazi cha kwanza inawaka kwa BIOS, na BIOS ina tabia moja isiyobadilika. Huchukua sekta ya kwanza ya diski, yaani baiti 512 tu, huiweka kwenye kumbukumbu mahali panapoitwa `0x7C00`, hutazama kama baiti mbili za mwisho ni `55 AA`, kisha humwambia prosesa aanze kutekeleza kilichomo. Haijui mafaili wala folda, na haiulizi ni nani aliyeiandika sekta hiyo.

Katika baiti hizo 512, 446 za mwanzo ni msimbo, 64 zinazofuata ni jedwali la patisheni, na mbili za mwisho ni ile alama. Sekta hii ndiyo MBR. Jedwali lina nafasi nne, na kila nafasi inataja mwanzo na ukubwa wa patisheni kwa nambari ya biti 32. Ukizidisha idadi kubwa kabisa ya sekta inayoweza kuandikwa kwa biti 32 mara baiti 512 za kila sekta, unapata takriban terabaiti 2. Ndiyo maana diski ya kuwakia ya kizazi cha kwanza haitumiki kupita hapo hata ukiitengeneza kubwa zaidi. Nafasi iliyobaki haina nambari ya kuitaja.

Sasa tulisogelee lile tendo la kusoma. BIOS inazungumza na diski kupitia kidhibiti cha IDE. Ili kuomba sekta moja, huandika idadi ya sekta kwenye mlango `0x1F2`, huandika anwani ya sekta vipande vinne kwenye milango ya `0x1F3` hadi `0x1F6`, kisha huandika amri `0x20` kwenye mlango `0x1F7`. Hapo husubiri, na data ikiwa tayari huivuta kupitia mlango `0x1F0`, baiti mbili mbili.

Kwenye kompyuta halisi milango hiyo ni nyaya zinazoishia kwenye chipu. Kwenye mashine pepe haiishii popote. Kila prosesa anapougusa mlango wa namna hiyo, Hyper-V humsimamisha, hutoka nje ya mashine pepe, huupeleka ujumbe kwa programu ya `vmwp.exe` inayofanya kazi upande wa mwenyeji, na programu hiyo hujibu kana kwamba ndiyo kidhibiti cha mwaka wa tisini na kitu. Kisha prosesa anarudishwa ndani aendelee. Kuandika mara sita ili kuomba sekta moja ni safari sita za kutoka na kurudi, kabla hata data haijaanza kuvutwa.

Hyper-V inayo njia bora kuliko hiyo, nayo ni VMBus. Ni eneo la kumbukumbu ambalo mashine pepe na mwenyeji wanashirikiana. Mgeni anaandika ombi, "nipe sekta hizi zote kwa pamoja", mwenyeji analisoma, anaweka jibu, basi. Hakuna kuigiza milango wala kusimamishana kila hatua. Vifaa vya SCSI vya Hyper-V vinatumia njia hii. Lakini VMBus haikuwapo BIOS ilipobuniwa, na BIOS ya kizazi cha kwanza haikufundishwa lugha yake. Ili uitumie VMBus unahitaji draiva, na draiva iko kwenye diski. Tumerudi kwenye kisanduku chetu.

Kutokana na hilo tu, utaelewa kanuni tatu za kizazi cha kwanza ambazo watu wengi huzikariri bila kujua zimetoka wapi.

Ya kwanza, diski ya kuwakia lazima iwe kwenye IDE. Vidhibiti vya IDE ni viwili, kila kimoja kinabeba vifaa viwili, jumla vinne, na kimoja kwa kawaida huwa kimeshachukuliwa na kiendeshi cha DVD. Ukiipachika diski yenye Windows nzima kwenye SCSI ya mashine hii, BIOS haitaiona kabisa, nayo itakuandikia `Boot failure. Reboot and Select proper Boot device`. Ukiona maneno hayo, kabla ya kulaumu diski, fungua mipangilio uangalie imening'inizwa wapi.

Ya pili, kuwaka kupitia mtandao kunahitaji kadi ya mtandao ya kizamani, ile inayoonekana kwenye orodha kama `Legacy Network Adapter`. Hyper-V huigiza kadi ya chipu ya 21140, ya megabiti 100 kwa sekunde, kwa sababu BIOS inaifahamu. Kadi ya kawaida ya Hyper-V ina kasi kuliko hiyo, lakini nayo hupita VMBus, kwa hiyo kwa BIOS haipo. Fundi makini huweka kadi ya kizamani kwa ajili ya kusakinisha tu, na kazi ikiisha huiondoa.

Ya tatu inawashangaza wengi: baada ya kuwaka, mashine ya kizazi cha kwanza si ya polepole. BIOS ikishaleta kipakiaji cha Windows, kipakiaji huendelea kuiazima BIOS ili kuvuta kiini cha Windows pamoja na draiva za mwanzo, ikiwemo ile ya VMBus, hadi kwenye kumbukumbu. Sasa ufunguo umetolewa nje ya kisanduku. Windows inapoanza kazi inaiacha ile milango ya zamani, inaigeukia VMBus, na hata ile diski iliyoandikwa IDE inasomwa kwa njia ya haraka. Diski za data zilizoko kwenye SCSI nazo zinaonekana kuanzia hapo. Kwa hiyo anayehamia kizazi cha pili akitarajia hifadhidata yake iongeze kasi mchana kutwa atavunjika moyo. Tofauti ya kasi iko wakati wa kusakinisha na wakati wa kuwaka.

Kizazi cha pili: kumfundisha bawabu lugha mpya

Kizazi cha pili kinalitatua fumbo lile lile kwa kugeuza upande. Badala ya kuigiza kifaa cha zamani ili famwea ya zamani ielewe, Hyper-V inaleta famwea mpya, UEFI, ambayo tayari ina draiva za VMBus ndani yake. Mtu wa kwanza kuamka anaifahamu njia ya haraka tangu sekunde ya kwanza.

Matokeo yake yanajipanga yenyewe. Hakuna tena haja ya IDE, kwa hiyo IDE haipo. Diski na DVD zote ziko kwenye SCSI, na zote zinaweza kuwasha mashine. Kadi ya kawaida ya mtandao inatosha kuwakia mtandaoni, kwa hiyo kadi ya kizamani imeondolewa, pamoja na kiendeshi cha flopi. Faili la diski nalo lazima liwe la aina ya `.vhdx`, maana lile la zamani la `.vhd` halipokelewi.

Lakini badiliko kubwa zaidi ni kile ambacho famwea inakitafuta kwenye diski. UEFI haisomi baiti 512 na kuzirukia kwa upofu. Inajua mafaili. Inatafuta patisheni maalumu, ndogo, iliyoumbizwa kwa FAT32, na ndani yake faili lenye jina linalojulikana. Kwenye diski ya Windows iliyokwisha kusakinishwa faili hilo ni hili:

```
\EFI\Microsoft\Boot\bootmgfw.efi
```

Na kama famwea haijaandikiwa popote faili la kutumia, mfano mashine ni mpya kabisa, hujaribu jina la akiba, `\EFI\Boot\bootx64.efi`. Ile `64` mwishoni inakukumbusha kitu kingine: famwea hii ni ya biti 64, kwa hiyo mifumo ya biti 32 haina nafasi hapa.

Jedwali la patisheni nalo ni jingine, GPT, ambalo anwani zake ni za biti 64. Ule ukuta wa terabaiti 2 umeondoka. Diski ya kuwakia inaweza kufikia ukubwa wa mwisho wa faili la `.vhdx`, yaani terabaiti 64.

Rudi sasa kwenye ule mstari aliousoma kijana wangu usiku. Diski ya mhasibu ilikuwa ya MBR. Msimbo wa kuwakia ulikuwa kwenye baiti 446 za sekta ya kwanza, na patisheni zake zote zilikuwa za NTFS. UEFI ilifika, ikatafuta patisheni ya FAT32 yenye folda ya `EFI`, haikuipata, ikaandika kwamba haijaona mfumo wa mafaili inaouelewa. Mgeni amefika nyumbani kwa mwenyeji wake, watu wote wamo ndani, ila kila mmoja anangoja kwenye mlango ambao mwenzake hautumii.

Kuna tukio jingine dogo la kizazi cha pili linalowahangaisha wanaoanza. Umeunda mashine, umeweka faili la ISO la Windows, umebonyeza kuwasha, ukaenda kufungua dirisha la kuitazama. Ulipofika unakuta `Start PXE over IPv4`, kana kwamba ISO haipo. ISO ipo. Kipakiaji cha kwenye DVD kilionyesha `Press any key to boot from CD or DVD` kwa sekunde chache, hukubonyeza, kikajiondoa, famwea ikahamia kwa anayefuata kwenye foleni, yaani mtandao. Dawa yake ni kufungua dirisha kwanza, ndipo uwashe, na kidole kiwe tayari juu ya kibodi.

Mlinzi aliyewekwa mlangoni

Kwa kuwa UEFI inasoma faili zima lenye jina na si sekta tupu, inaweza kufanya jambo ambalo BIOS haikuweza: kukagua saini kabla ya kulitekeleza. Ukaguzi huo ndio Secure Boot, na katika kizazi cha pili unakuwa umewashwa tangu mashine inapoundwa.

Ndani ya famwea kuna orodha ya vyeti vinavyoaminiwa. Kipakiaji kikiletwa, famwea huangalia kama kimetiwa saini na mmoja wa walioko kwenye orodha. Kama ndiyo, kinapita. Kama siyo, kinakataliwa, na famwea huendelea na kifaa kinachofuata. Hivyo programu ovu iliyojipenyeza kwenye diski na kukibadilisha kipakiaji haipati nafasi ya kuamka kabla ya Windows.

Hyper-V hukupa orodha hizo zikiwa zimefungashwa tayari kama violezo. Kile cha kawaida, `MicrosoftWindows`, kinaamini vipakiaji vya Windows peke yake. Ukiweka Ubuntu kwenye mashine yenye kiolezo hicho, utaona hivi:

```
The signed image's hash is not allowed (DB)
```

Soma vizuri. Haisemi kwamba faili halina saini. Inasema saini ipo, ila aliyeiweka hayumo kwenye orodha. Kipakiaji cha Ubuntu kimetiwa saini na Microsoft kweli, lakini kwa cheti kingine, kile cha wahusika wa nje. Kwa hiyo huhitaji kumfukuza mlinzi, unahitaji kumpa orodha sahihi. Zima mashine pepe, kisha kwenye PowerShell ya mwenyeji:

```
Set-VMFirmware -VMName ubuntu1 `
  -SecureBootTemplate MicrosoftUEFICertificateAuthority
```

Washa tena, na kipakiaji kitapita. Violezo vilikuja na Windows Server 2016. Kwenye 2012 R2 hakukuwa na njia hiyo, ikabidi Secure Boot izimwe kabisa kwa Linux, na maelekezo mengi ya zamani bado yanashauri hivyo. Ujumbe ukianza na `unsigned` badala ya `signed`, mambo ni tofauti: faili halina saini kabisa, na hapo hakuna kiolezo kitakachosaidia. Ama utafute kipakiaji kilichotiwa saini, ama uzime ukaguzi ukijua unachokifanya.

Uchague kipi

Kwa mashine mpya yenye mfumo endeshi wa sasa wa biti 64, chukua kizazi cha pili. Kwa Windows 11 hakuna hata la kujadili, kwa kuwa inadai UEFI na TPM, ile chipu ya kutunzia siri, na TPM pepe ya Hyper-V hupachikwa kwenye kizazi cha pili tu. Ukiitumia, kumbuka kwamba siri zake zimefungwa kwa vyeti vilivyoko kwa mwenyeji. Ukiihamishia mashine hiyo kwa mwenyeji mwingine bila kuhamisha vyeti, itakataa kuwaka.

Kizazi cha kwanza kinabaki kwa wenye sababu. Mfumo wa biti 32 ni sababu. Windows 7 na Windows Server 2008 R2 ni sababu hata zikiwa za biti 64, kwa vile zinategemea vifaa vya zamani ambavyo kizazi cha pili kimevitupa. Kifaa kilichofungashwa tayari na muuzaji kikiwa kwenye faili la `.vhd` la kuwakia kwa BIOS nacho ni sababu. Kama hakuna sababu ya aina hiyo, hakuna faida ya kuigiza mzee.

Pima mara mbili kabla ya kubonyeza, kwa sababu mashine ikishaundwa kizazi chake hakibadilishwi. Hakuna kitufe wala amri ya kufanya hivyo. Na jihadhari na PowerShell: ukiandika `New-VM` bila kutaja kizazi, unapewa cha kwanza kimyakimya. Ukitaka kujua ulizo nazo ni za kizazi gani:

```
Get-VM | Select-Object Name, Generation
```

Asubuhi, kwa mhasibu

Kizazi hakibadilishwi, lakini diski inabadilishwa, na mashine mpya ikaundwa kuizunguka. Hivyo ndivyo tulivyofanya. Mashine ya mhasibu ilikuwa na Windows 10 ya biti 64, nayo kuanzia toleo la 1703 inakuja na chombo kinachoitwa `mbr2gpt`.

Kwanza tuliirudisha diski kwenye mashine yake ya zamani, ikawaka vizuri kama jana yake. Tulifuta picha zote za hali za Hyper-V ili mafaili ya pembeni yaungane na diski kuu, tukaizima, tukanakili faili lote la `.vhdx` mahali pengine. Nakala hiyo ni lazima. Ubadilishaji ni wa njia moja, na ukishafanyika mashine ya zamani haitaiwasha tena diski hiyo.

Tukaiwasha tena, na ndani ya Windows yenyewe, kwenye dirisha la amri la msimamizi, tukaanza na ukaguzi:

```
mbr2gpt /validate /disk:0 /allowFullOS
```

Chombo hiki hakikubali kila diski. Kinataka patisheni za msingi zisizidi tatu, kwa sababu kitahitaji kuongeza moja. Hakitaki patisheni za ndani ya patisheni. Kinataka pia upenyo wa kuandika jedwali jipya, kilobaiti 16 na sekta mbili mwanzoni mwa diski, na kilobaiti 16 na sekta moja mwishoni. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, ulinzi wake usitishwe kwanza. Diski yetu ilipita, tukaandika amri yenyewe:

```
mbr2gpt /convert /disk:0 /allowFullOS
```

Kazi iliisha upesi, kwa sababu data ya mhasibu haikuguswa. Kilichoandikwa ni jedwali jipya, patisheni ndogo ya FAT32, na mafaili ya kuwakia ndani yake. Mwishoni chombo kikatoa onyo kwamba kabla mfumo haujaweza kuwaka lazima famwea ibadilishwe iwe ya UEFI. Kwenye kompyuta ya mezani ungeingia kwenye mipangilio ya ubao na kugeuza. Kwenye Hyper-V hakuna pa kugeuza, kwa hiyo tuliizima mashine ya zamani na kwa mwenyeji tukaunda nyingine kwa diski ile ile:

```
New-VM -Name uhasibu2 -Generation 2 `
  -MemoryStartupBytes 8GB `
  -VHDPath D:\VM\uhasibu.vhdx -SwitchName Ofisi
Set-VMFirmware -VMName uhasibu2 `
  -FirstBootDevice (Get-VMHardDiskDrive -VMName uhasibu2)
Start-VM uhasibu2
```

Ikawaka. Kijana akapiga makofi mara moja, kisha akanyamaza: programu ya mhasibu haikufikika kutoka kwenye kompyuta za wenzake. Hilo nalo lina asili ile ile. Mashine mpya ina kadi mpya ya mtandao, na kwa Windows kadi hii ni mgeni asiyemfahamu. Anwani ya kudumu tuliyoizoea ilibaki imeandikwa kwenye kadi ya zamani ambayo haipo tena. Tukaiandika upya kwenye kadi mpya, wote wakaingia. Windows pia inaweza kudai kuthibitishwa leseni upya, kwa vile inaona vifaa vimebadilika chini yake.

Kabla ya kuifuta ile mashine ya zamani nilimwambia aiwashe mara moja na diski iliyobadilishwa, aone kwa macho yake. BIOS haikuweza kuifikisha Windows.

"Lakini kaka, jana usiku diski hii hii iliwaka hapa," akasema.

"Na mashine mpya iliikataa. Ni ipi kati yao iliyosema diski imekufa?"

Akacheka, akaichomoa. Kisha akauliza kilichokuwa kinamsumbua: kama UEFI haihitaji ile sekta ya kwanza, kuna nini pale sasa? Nikamwonyesha. Diski ya GPT bado inaanza na MBR, yenye `55 AA` yake mwishoni. Jedwali lake lina mstari mmoja tu wa aina ya `EE`, unaodai kwamba diski nzima imeshachukuliwa. Umeandikwa kwa ajili ya mashine na vyombo visivyoifahamu GPT, ili vikiikuta diski hii visiidhanie tupu na kuipangia upya juu ya data ya watu.